Bei ya Picha ya Kuunganisha Huanzia Kwenye Nywele

"Kaka, kuna picha nataka uniunganishie. Ni watu watatu tu. Unafanya bei gani?"

Fundi wa picha anayejitegemea hulijibu swali hili mara nyingi kuliko jingine lolote, na wengi hulijibu papo hapo. Wanataja elfu hamsini kwa kichwa, mteja anakubali haraka, kisha kazi iliyodhaniwa ni ya jioni moja inakula siku nne. Mteja hakudanganya, maana watu ni watatu kweli. Tatizo ni kwamba idadi ya watu haisemi chochote kuhusu muda wa kazi. Kinachosema ni nywele za watu hao, walisimama mbele ya nini walipopigwa, picha zao zimekufikiaje, na nani katika familia ana neno la mwisho. Mambo hayo hayamo kwenye ujumbe wa mteja. Yamo ndani ya picha zenyewe, na hayaonekani mpaka uzifungue kwenye kompyuta na kuzikuza.

Tuchukue kazi ya aina inayopatikana sana Dar es Salaam. Bibi anatimiza miaka 80, na watoto wake wanataka kumtundikia sebuleni picha ya familia iliyochapwa kwenye turubai la sentimita 60 kwa 90. Picha ya msingi ipo: mpigapicha aliitwa nyumbani, akawapanga watu watano uani mbele ya ukuta mweupe, na kazi yake ni safi. Wanaopungua ni watatu. Wa kwanza ni marehemu babu, ambaye picha yake nzuri iko kwenye albamu ya miaka ya themanini. Wa pili ni binti wa bibi anayeishi Muscat, amejitanda mtandio wa shifoni. Wa tatu ni mjukuu aliyeko chuoni Mwanza, mwenye afro kubwa iliyochambuliwa, amesimama mbele ya dirisha lenye mwanga mkali.

Kwa hesabu ya vichwa, hii ni kazi ya 150,000. Sasa tuifungue.

Kabla ya yote fundi anapaswa kujua saa yake moja inauzwa shilingi ngapi, hata kama hatamtajia mteja kiasi hicho maisha yake yote. Tuseme anataka abaki na milioni 1 na nusu kwa mwezi. Kona aliyopanga ofisini, umeme, intaneti, malipo ya programu, hifadhi ya mafaili na akiba ya kununua kompyuta nyingine hii ikichoka vinamgharimu laki 5. Jumla ni milioni 2. Akifanya kazi siku 25, saa 8 kwa siku, anapata saa 200. Hapo ndipo wengi hugawanya na kupata 10,000 kwa saa, na hapo ndipo hasara huanzia, kwa sababu saa zote 200 hazilipiwi. Kuna kujibu wateja, kusubiri picha, kupakua mafaili, kufuata madeni, kwenda kwa mchapaji, na siku ambazo kazi haipo. Ukiweza kulipwa nusu ya saa hizo unafanya vizuri. Basi gawanya milioni 2 kwa saa 100, na saa moja itakuwa 20,000. Tarakimu zako zitakuwa nyingine, lakini njia ya kuzifikia ni hiyohiyo.

Sasa nywele.

Mtu anayeona kazi hii kwa mbali hudhani kumtoa mtu kwenye picha ni kumkata kwa kumzunguka. Kwa kanzu, suti na viatu ni hivyo hasa: unapita na kalamu ya programu ukingoni, na baada ya nusu saa umemaliza. Babu wa picha yetu amevaa kofia iliyoshonwa kwa mkono. Ukingo wa kofia ni mstari safi, na kichwa chake hakitachukua hata dakika 20. Nywele zilizoachiwa hazina ukingo. Kila unywele ni mwembamba kuliko pikseli moja, kwa hiyo pikseli iliyoko pale si nywele tupu wala dirisha tupu, bali ni mchanganyiko wa rangi za vyote viwili. Huwezi kuukata mchanganyiko. Unachoweza ni kutengeneza maski, yaani picha ya rangi ya kijivu inayoiambia programu: hapa onyesha nywele zote, hapa onyesha nusu, hapa robo, hapa usionyeshe kitu.

Kwenye Photoshop kuna dirisha la Select and Mask lenye brashi ya kutafuta nywele, nalo husaidia sana nywele zikiwa nyeusi mbele ya ukuta wa rangi moja. Kwa kazi ya kutundikwa ukutani kwa ukubwa wa karibu mita moja, mafundi wengi bado hurudi kwenye njia ya zamani ya chaneli. Unazitazama chaneli tatu za picha, nyekundu, kijani na buluu, moja baada ya nyingine, ukitafuta ile ambayo nywele zinaachana zaidi na kilicho nyuma yake. Unainakili, unaibana kwa Levels mpaka nywele ziwe nyeusi na nyuma pawe peupe, kisha unasafisha madoa kwa brashi iliyowekwa kwenye hali ya Overlay ili nyeupe isiguse palipo peusi kabisa, wala nyeusi isiguse palipo peupe kabisa. Mwisho unachukua brashi ya pikseli 1 hadi 3 na kuchora upya vinyweleo vilivyopotea, kwa mkono, kimoja kimoja, ukifuata vinakoelekea. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayokula saa, na ndiyo inayotofautisha mtu aliyesimama ndani ya picha na mtu aliyebandikwa juu yake.

Afro ina ugumu wake. Katikati ni nzito na haisumbui, lakini ukingo wake wote, kutoka sikio hadi sikio, ni nywele fupi zilizojikunja zinazopitisha mwanga. Ukiuchonga ukawa laini, binti anaonekana amevaa helmeti. Ukiuacha na mabaki ya dirisha, anapata mng'ao mweupe kuzunguka kichwa. Rasta na misuko ya nyuma ni nafuu zaidi, kwa sababu kila msuko una ukingo unaoeleweka, na vinyweleo vya kuchora ni vichache. Nafuu kuliko zote ni kichwa kilichonyolewa. Ndiyo maana bei moja kwa kila kichwa haina mantiki: kofia ya babu na afro ya mjukuu zinatofautiana mara kumi kwa muda.

Na mtandio wa shifoni usikudanganye. Hijabu ya kitambaa kizito ni rahisi kama kofia, lakini shifoni inaonyesha kilicho nyuma yake. Pale upindo unapoangukia begani, unaona ndani yake rangi ya sofa la Muscat. Ukimhamishia dada yule kwenye ukuta mweupe, sofa linakuja naye ndani ya kitambaa. Lazima ulitoe sofa, ubakize mikunjo, kisha uruhusu ukuta mpya uonekane kwa kiasi kilekile. Mtandio huo uhesabie saa nzima.

Kujua nywele fulani zitachukua muda gani hakuhitaji kubahatisha. Kuza picha hadi asilimia 100, tafuta sehemu mbaya kuliko zote kwenye ukingo wa nywele, kisha ifanyie kazi kwa dakika 15 tu, eneo dogo kama upana wa kidole kwenye skrini. Angalia umefika wapi, halafu kadiria ukingo mzima una maeneo mangapi ya namna hiyo. Kwa afro ya mjukuu wetu jibu linakuja saa 3. Dakika hizo 15 zifanye kabla hujataja bei, na huna haja ya kumtoza mtu.

Kwa nini saa 3, wakati afro nyingine ingechukua moja? Jibu liko kwenye picha iliyotumwa, na hapa tunafika kwenye chanzo kikubwa cha hasara, ambacho wateja hawakijui kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Picha ya mjukuu ilipigwa kwa simu katika hali inayotia ukungu nyuma ya mtu. Ukungu huo haukutoka kwenye lenzi. Simu imekisia ukingo wa mtu uko wapi, ikafifisha vilivyobaki, na kwenye nywele imekisia vibaya: baadhi ya vishungi imevimeza ndani ya ukungu, na baadhi ya vipande vya dirisha imevibakiza vikali katikati ya nywele. Kilichomezwa hakiwezi kukatwa, kinachorwa upya chote. Lakini kwenye simu nyingi faili la awali bado linakumbuka picha kabla ya ukungu, na mwenye simu anaweza kuuzima ukungu huo kwenye albamu yake na kutuma picha safi. Ni suala la kumwomba tu.

Picha ya Muscat ina shida nyingine. Imekuja kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, na WhatsApp huipunguza. Simu ya megapikseli 12 hutoa picha yenye pikseli 4,000 hivi upande mrefu, na ikitumwa kawaida mara nyingi hufika ikiwa na 1,600 tu. Tufanye hesabu. Mtu akisimama wima akijaza picha, kichwa chake ni takriban sehemu moja ya nane ya urefu wake. Kwenye faili la awali, kichwa cha dada yule kingekuwa na pikseli 500. Kwenye faili la WhatsApp kina 200. Sasa tazama turubai: kichwa kwenye picha hii kitakuwa na urefu wa sentimita 8 hivi, na kwa uchapaji wa turubai wa pikseli 150 kwa inchi, tunahitaji karibu pikseli 470. Faili la awali linatosha bila kuongezwa chochote. La WhatsApp litakuzwa zaidi ya mara mbili, na atakayemkuza ni wewe, ukinoa macho na nyusi kwa mkono ili asionekane ametokea kwenye moshi akiwa kati ya ndugu zake waliopigwa kwa kamera.

Kuna uharibifu mwingine usioonekana haraka. Picha za JPEG za simu kwa kawaida huhifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi huhifadhiwa moja kwa kila kikundi cha pikseli nne. Macho ya binadamu hayajali. Maski inajali sana, kwa sababu ukingo wa shifoni na nywele ni suala la rangi pia. Ukibanwa tena na WhatsApp, ukingo huo unageuka ngazi za vijiboksi, na kila ngazi ni ya kulainishwa. Utajua umefika hapo ukitazama chaneli ya buluu kwa asilimia 200: badala ya vinyweleo utaona miraba.

Babu naye ana lake. Dada mkubwa ameipiga picha albamu kwa simu, usiku, kwa flashi. Kuna kimulimuli kwenye shavu la kulia, na karatasi yenyewe ni ile ya zamani yenye vinundu vidogovidogo kama sega la nyuki, ambavyo flashi huvigeuza kuwa alama kwenye uso mzima. Hakuna kiasi cha kunoa kitakachosaidia hapo. Dawa ni kuitoa picha kwenye albamu, kuiweka karibu na dirisha siku ya mawingu, na kuipiga upya kutoka juu bila flashi, au kuiskani mara mbili, ya pili ukiigeuza nyuzi 180, kisha kuziunganisha ili vivuli vya vinundu vipunguzane. Tutampa babu saa 3 na nusu: usafishaji, rangi zilizogeuka nyekundu kwa umri, na kumkata.

Sasa tunaweza kuandika hesabu. Kuzipokea picha, kuzikagua na kupanga mchoro wa awali: saa 2. Kuitayarisha picha ya msingi na kufungua nafasi za watu watatu: saa 1 na nusu. Babu: 3 na nusu. Dada wa Muscat: 2 na nusu, moja ikiwa ya mtandio. Mjukuu: 4 na nusu, tatu zikiwa za afro. Kuwaoanisha wote kwa mwanga, rangi, vivuli vya miguu na chengachenga za kamera: saa 3. Marekebisho ya awamu mbili: saa 3. Kuandaa faili la kuchapa na kukagua kipande cha majaribio kwa mchapaji: saa 1. Jumla ni saa 21, ambazo kwa 20,000 ni 420,000. Ongeza asilimia 15 ya yale usiyoyaona leo, yaani 63,000, na unafika 483,000. Mwambie mteja 485,000, bila gharama ya kuchapa.

Linganisha na zile 150,000 za kichwa kwa kichwa. Saa ni zilezile 21, kwa hiyo fundi angelipwa karibu 7,100 kwa saa, wakati saa yake inamgharimu yeye mwenyewe 5,000 kabla hajala.

Najua atakachosema msomaji anayefanya kazi hii: nani Dar es Salaam atalipa 485,000 kwa picha moja? Wapo, lakini wengine hawataweza, na hao sipendi wafukuzwe kwa tarakimu moja kavu. Njia ninayoiamini ni kutoa bei mbili. Ya kwanza ni ya picha zilivyo. Ya pili ni ya picha zikitumwa vizuri. Dada wa Muscat akituma faili la awali kama Document badala ya picha ya kawaida, saa moja inaondoka. Mjukuu akizima ukungu wa simu, au akipigwa upya kivulini mbele ya ukuta wa rangi moja, mwanga ukitoka upande uleule wa picha ya uani, na simu ikiwa usawa wa kifua chake kama kamera ilivyokuwa, saa 2 na nusu zinaondoka. Zinabaki saa 17 na nusu, 350,000, na kwa ile asilimia 15 inakuwa 402,500. Mwambie 400,000. Mteja ameokoa 85,000 kwa kazi ya dakika kumi ya ndugu zake, nawe umepata picha bora. Hakuna punguzo la kusihiana linaloweza kuwanufaisha nyote wawili namna hiyo.

Ujumbe wa kumtumia unaweza kuwa mfupi hivi:

"Dada, nimezikagua picha zote. Zikibaki kama zilivyo, kazi ni 485,000. Tukipata faili la awali kutoka Muscat na picha mpya ya Mwanza kabla ya Jumatano, ni 400,000. Maelekezo ya kuzituma nimeyaandika hapa chini, waforwadie. Bei ina mchoro mmoja wa awali na awamu mbili za marekebisho. Nusu kabla sijaanza, nusu kabla sijatoa faili kubwa."

Mchoro wa awali ndio kinga yako kubwa, na ndio unaorukwa zaidi. Ni picha ndogo ambamo watu wamekatwa ovyo kwa dakika chache na kuwekwa mahali pao ili familia ione nani amesimama wapi, nani mrefu kuliko nani, na nyuma pana nini. Inaonekana mbaya, na lazima umwambie mteja mapema kwamba ni mbaya kwa makusudi. Usiguse unywele mmoja mpaka aandike kwamba amekubali mpangilio na mandhari ya nyuma.

Sababu ya ukali huo utaiona kwenye kisa kinachotokea kila mara. Kazi imekamilika, afro imekaa vizuri mbele ya ukuta mweupe, ndipo ujumbe unaingia: "Kaka, hongera, picha nzuri sana. Ila mdogo wangu wa Muscat anasema angependa nyuma pawe bustani. Si unabadilisha tu nyuma?"

Kwa mteja hilo ni badiliko moja. Kwenye faili mambo ni mengine. Kwanza, maski ya nywele haitengenezwi kwa ajili ya nywele pekee, inatengenezwa kwa ajili ya nywele pamoja na mandhari zinakohamia. Mjukuu alitoka kwenye dirisha jeupe akaenda kwenye ukuta mweupe. Kwa bahati hiyo, vinyweleo vya pembezoni viliweza kuwekwa kwenye leya ya Multiply, ambayo huacha cheupe kipotee na cheusi kibaki, na mabaki ya dirisha hayakuonekana. Mbele ya majani ya kijani iliyokoza ujanja huo hufa: vinyweleo vyeusi vinazama kwenye giza na mabaki meupe yanawaka kama taji. Ukingo mzima unaanza upya, na rangi ya dirisha inapaswa kuondolewa ndani ya kila kishungi. Shifoni nayo ilipitisha ukuta mweupe, sasa inatakiwa ipitishe majani.

Pili, na hili mteja halifikirii kabisa, wale watano wa picha ya msingi hawakuwa wamekatwa. Walikuwa wamesimama mbele ya ukuta wao halisi na nywele zao halisi hazikuguswa. Bustani ikiingia, nao wote watano wanapaswa kukatwa. Tuseme wawili wana rasta zilizoachiwa, saa 1 na nusu kila mmoja, na watatu wana kofia, kitambaa kizito na kichwa kilichonyolewa, nusu saa kila mmoja. Hizo ni saa 4 na nusu. Afro na mtandio upya ni 4. Mwanga wa bustani si mwanga wa ukuta unaorudisha weupe usoni, kwa hiyo kuoanisha watu wanane ni saa 3 nyingine. Jumla ni saa 11 na nusu, yaani 230,000. Badiliko la "nyuma tu" limefika zaidi ya nusu ya kazi ya kwanza.

Fundi ambaye hakuwa na mchoro uliokubaliwa kwa maandishi hapo hana la kusema. Atafanya bure akinung'unika, au atagombana na familia wiki ya sherehe. Aliye nao anajibu kwa upole kabisa: "Inawezekana dada. Ukuta mlishauthibitisha tarehe ile, kwa hiyo bustani ni oda mpya ya 230,000 na siku tatu. Niendelee, au tubaki na ukuta?" Mara nyingi wanabaki na ukuta, na bado mnaheshimiana.

Mstari kati ya marekebisho na oda mpya uandikwe kabla ya kazi, kwa lugha ya nyumbani. Kusogeza mtu kidogo, kung'arisha uso, kupunguza kimulimuli, kuondoa kovu au kulirudisha, hayo ni marekebisho. Picha nyingine ya mtu yuleyule, mtu wa ziada, nguo nyingine, mandhari nyingine, ukubwa mkubwa zaidi wa kuchapa, hizo ni oda mpya. Na awamu moja maana yake ni orodha moja kutoka kwa msemaji mmoja. Hili la mwisho lina uzito wa pekee kwenye picha za familia, kwa sababu kuna kundi la WhatsApp lenye ndugu kumi na wanne, na kila mmoja anamkumbuka marehemu kwa namna yake. Mmoja atasema babu alikuwa mweusi zaidi, mwingine atasema hakuwahi kutabasamu hivyo. Wote wana haki ya kusema, ila waseme huko kundini, na dada mkubwa akuletee kilichokubaliwa. Marekebisho yanayokuja moja moja, asubuhi moja na usiku jingine, yanakula muda mara mbili hata yakiwa madogo, maana kila mara unafungua faili zito, unakumbuka ulipoishia, unahifadhi nakala na kutuma upya.

Malipo nayo yana ukingo wake. Nusu ya kwanza iingie kabla ya mchoro wa awali, kwa sababu mchoro ndio uamuzi wa kisanaa, na ukiutoa bure mwingine anaweza kuumalizia kwa bei ya chini. Picha za ukaguzi zitumwe ndogo, pikseli 1,500 upande mrefu, zikiwa na alama yako katikati ya watu, si pembeni inapokatika. Nusu ya pili iingie kabla faili la kuchapa halijatoka. Na mkilipana kwa simu, taja mapema "tuma na ya kutolea", maana makato ya kutoa laki mbili mara mbili si pesa ndogo.

Bado kuna picha zisizo na bei. Kama picha pekee ya marehemu ni ya harusi ambamo amesimama mstari wa nyuma, na ukimkuza unakuta uso wake una pikseli 60, hakuna saa wala shilingi itakayoutoa uso huo hadi sentimita 8 kwenye turubai. Utakachochora kitakuwa uso wa mtu mwingine, na bibi aliyeishi naye atajua kwa kutazama mara moja. Hapo usitoze wala usijaribu. Mwambie mteja ukweli, mwombe atafute kwa ndugu wengine, kwenye vitambulisho vya zamani, kwenye hasi kama zipo, na ikishindikana kabisa mpendekezee picha ndogo ya babu kwenye fremu, iliyoshikwa na bibi ndani ya picha kubwa. Familia nyingi huupenda mpango huo, na ni kazi ya saa 2.

Wateja nao, kabla ya kuuliza bei, fanyeni mambo mawili. Tumeni picha kama Document kutoka kwenye simu iliyopiga, si ile iliyopita kwenye makundi matano, na chagueni msemaji mmoja. Mafundi, asiyekutumia picha msimpe bei. Mpeni muda wa kuzituma, zikuzeni hadi asilimia 100, tazameni nywele kwanza, ndipo mtaje kiasi.